Kukagua SE na CI za utafiti: ukokotoe upya, utumie GRIM au SPRITE?

Ukiwa unakusanya tafiti kwa ajili ya metaanalisisi, au unaandika sura ya pili ya tasnifu, kuna ile hatua ya kunakili namba kutoka kwenye tebo kwenda kwenye eksel: wastani, n, alama ya ±, namba ya pembeni, basi unaenda utafiti mwingine. Mimi naomba usimame hapo kidogo kabla hujanakili. Namba hizo zimefungamana, ukishajua n na SD huwezi tena kuwa na SE yoyote unayoitaka, kwa hiyo zikipingana utaziona hata kama hujawahi kugusa data yenyewe.

Njia ziko tatu ambazo watu wanazitumia sana. Ya kwanza ni kukokotoa upya SE na CI kwa kalkuleta. Ya pili ni GRIM, inayouliza kama wastani wenyewe unawezekana kwa n iliyotajwa. Ya tatu ni SPRITE, inayojaribu kutengeneza data ambazo zingetoa wastani na SD kama zilivyoandikwa. Hazifanyi kazi moja, na swali linaloulizwa sana la "ipi ni bora" mimi naona linajibiwa na tebo iliyo mbele yako, sio na ubora wa njia.

Tuanze na kukokotoa upya, na hapa nitakaa sana maana ndo inayokamata makosa mengi. Huu mfano nimeutunga ili hesabu zionekane. Wajawazito 64, wastani wa hemoglobini 11.2 g/dL, tebo inasema 11.2 ± 0.2, chini ya tebo wameandika kwamba namba ni wastani na SD, alafu ndani ya maandishi wanasema 95% CI ni 10.8 hadi 11.6. Ukisoma haraka hakuna kinachokushtua. Sasa fanya hivi: SE ni SD kugawanya kwa kipeuo cha pili cha n. Kipeuo cha 64 ni 8, kwa hiyo kama 0.2 kweli ni SD, SE inatakiwa iwe 0.025, na CI inatakiwa iwe wastani kujumlisha na kutoa 0.05 hivi, yaani 11.15 hadi 11.25. Wao wameandika 10.8 hadi 11.6. Hiyo ni mara nane zaidi, na ukiona tofauti ambayo ni sawasawa na kipeuo cha n ujue karibu kila mara kuna mtu amechanganya SD na SE.

Sasa rudi nyuma kutokea kwenye CI. Upana wake ni 0.8, gawanya kwa 3.92 (ambayo ni 1.96 mara mbili) unapata 0.204. Kumbe ile 0.2 waliyoiita SD ni SE, na SD halisi ni 0.2 zidisha 8, yaani 1.6. Kwenye eksel unaandika mara moja tu unaitumia kwa tafiti zote zenye n kubwa:

```
=SQRT(n)*(juu-chini)/3.92
```

Hapo weka seli zako mahali pa n, juu na chini.

Lakini subiri, hapa kuna kitu ambacho wengi wanakiruka. Kuna maelezo mengine yanayotoa namba zilezile: labda SD ni 0.2 kweli, na mwandishi amechukua wastani kujumlisha na kutoa 1.96 mara SD, akaita hiyo CI. Inatokea. Hesabu ya n, wastani na CI peke yake haiwezi kukuambia ni ipi kati ya hizi mbili, unahitaji ushahidi wa nje. Wa kwanza ni ujuzi wa kitu chenyewe kinachopimwa: SD ya 0.2 ina maana karibu wajawazito wote 64 wana hemoglobini kati ya 10.8 na 11.6, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kliniki ya wajawazito anajua hilo haliwezekani, wapo wa 9 na wapo wa 13 siku hiyohiyo. SD ya 1.6 inakupa 8 hadi 14.4 hivi, hiyo inaeleweka. Ushahidi wa pili uko kwenye thamani ya p. Tuseme kuna kundi la pili la wajawazito 64 lenye 11.5 ± 0.2 na makala inasema tofauti kati ya makundi haikuwa kubwa kitakwimu, p = 0.29. Kama 0.2 ni SE, SE ya tofauti ni kipeuo cha 0.04 + 0.04, yaani 0.283, na 0.3 kugawanya kwa 0.283 ni 1.06, ambayo inatoa p ya 0.29 kabisa. Kama 0.2 ingekuwa SD, ungepata t ya 8.5 na p ndogo mno. Basi hapo mjadala umekwisha, ni SE.

Kwa nini nakomaa na hili? Kwa sababu kwenye metaanalisisi ya kawaida uzito wa kila utafiti ni 1 kugawanya kwa SE mraba. Ukiamini kwamba 0.2 ni SD utaingiza SE ya 0.025 badala ya 0.2, na uzito wa huo utafiti unapanda mara 64. Angalia vizuri, 64 ndo n yenyewe, na haikutokea kwa bahati: ukiichukua SE ukaifanya SD, utafiti unapata uzito mara n zaidi ya unaostahili. Utafiti wa watu 300 ukikosewa hivyo unameza tafiti nyingine zote na jibu lako la mwisho linakuwa jibu la utafiti mmoja. Ndo maana ukiona kwenye mchoro wa jumla, ule wa forest plot, kuna utafiti mmoja wenye mstari mfupi kupita kiasi wakati n yake ni ya kawaida, rudi kwenye tebo yake kabla ya kitu kingine chochote.

Kabla hujamlaumu mtu, hesabu na desimali. SE iliyoandikwa 0.2 inaweza kuwa chochote kati ya 0.15 na 0.25, kwa hiyo SD ni kati ya 1.2 na 2.0, huo ni uwanja mpana. Ukipitia kwenye CI, upana wa 0.8 unaweza kuwa 0.7 hadi 0.9, na SD inabaki kati ya 1.43 na 1.84. Kwa hiyo kwenye tebo hii ni afadhali kupita kwenye CI kuliko kwenye SE, japo kwenye nyingine inaweza kuwa kinyume, inategemea nani kaandikwa na desimali nyingi. Kanuni yangu ni kwamba sisemi "hazilingani" mpaka nimejaribu mwisho wa chini na mwisho wa juu wa kila namba na bado zimekataa.

Kitu kingine, n ikiwa ndogo 1.96 haifai, unatumia thamani ya t. Kwa watu 10 ni 2.262, kwa hiyo SE ya 0.5 inatakiwa itoe CI yenye upande wa 1.13, sio 0.98. Mwongozo wa Cochrane unashauri kubadili kwenda t kundi likiwa na watu chini ya 60 hivi. Ukikuta CI ya watu 10 inalingana kabisa na 1.96 sio udanganyifu huo, ni mtu ametumia fomyula isiyofaa, ila CI yake ni nyembamba kuliko inavyotakiwa na wewe unapaswa kuijenga upya kutoka kwenye SE.

Sasa GRIM. Hii walileta Nick Brown na James Heathers mwaka 2016, na wazo lake ni jepesi hadi unashangaa kwa nini halikutumika mapema. Kama majibu ni namba kamili, mfano watu wamejibu 1 hadi 5 kwenye dodoso, basi jumla ya majibu lazima iwe namba kamili, na wastani ni hiyo jumla kugawanya kwa n. Kwa hiyo kuna wastani ambao hauwezi kutokea. Chukua n = 24 na wastani 3.47. Zidisha: 83.28. Jumla iliyo karibu ni 83 au 84. Ukigawanya 83 kwa 24 unapata 3.46, ukigawanya 84 unapata 3.50. Hakuna njia ya kupata 3.47. Kwenye R ni mstari mmoja:

```
n <- 24; m <- 3.47
round(c(floor(n*m), ceiling(n*m)) / n, 2)
```

Inarudisha 3.46 na 3.50, ya kwako haipo, basi.

Uzuri wa GRIM ni kwamba haihitaji SE, SD wala CI, inataka wastani na n tu. Udhaifu wake ni kwamba inaishiwa nguvu haraka. Wastani ukiwa na desimali mbili na n ikafika 100 kwenda juu, kila wastani unawezekana, na ukiwa na desimali moja tu basi inakufa ukifika watu 10. Na haifai kwa vitu kama hemoglobini au uzito, ambavyo havihesabiwi kwa namba kamili, kwa hiyo ule mfano wetu wa wajawazito GRIM haiugusi. Kingine kinachowaangusha watu: kama alama ya mtu ni wastani wa maswali manne, lazima uzidishe n kwa 4. Watu 24 kwa maswali 4 ni majibu 96, na 333 kugawanya kwa 96 ni 3.469, yaani 3.47. Ile namba iliyokuwa haiwezekani imewezekana. Nenda kasome sehemu ya mbinu ujue skeli ilitengenezwaje kabla hujasema kitu.

Na hata ikikataa, mara nyingi maelezo ni n. Ukijaribu 19 badala ya 24, 66 kugawanya kwa 19 ni 3.47. Labda watu watano hawakujibu hilo swali na mwandishi hakusema. Hilo nalo ni la maana, kwa sababu kama n halisi ni 19 basi SE na CI zinatakiwa kukokotolewa kwa 19, na ile hesabu yetu ya kwanza lazima irudiwe. Mimi hapa ndo naona njia hizi mbili zinasaidiana zaidi: GRIM inakuambia usiiamini n, alafu kukokotoa SE kwa n mpya kunakuambia kama ulichodhani kina mashiko.

Brown na Heathers walipitia makala 260 za saikolojia, 71 tu ndo zilikuwa na namba ambazo GRIM inaweza kuzikagua, na kati ya hizo 36 zilikuwa na angalau wastani mmoja usiowezekana. Angalia namba zote mbili. Nusu ya zilizokaguliwa zilikuwa na tatizo, lakini pia karibu robo tatu ya makala hazikuweza kukaguliwa kwa njia hii. Kwa hiyo mtu asikuambie GRIM inatosha. Umaarufu wake ulipanda mwaka 2017 pale Tim van der Zee, Jordan Anaya na Nick Brown walipochambua makala nne za mgahawa wa piza kutoka maabara ya Brian Wansink, Chuo Kikuu cha Cornell, wakaorodhesha karibu migongano 150, na kazi yote hiyo ilifanyika kwa kusoma tebo zilizochapishwa bila kuwa na data.

SPRITE nayo inaingia pale ambapo GRIM imepitisha lakini roho yako haijatulia. Ngoja nikuoneshe kwanza toleo lake la mkono, maana mara nyingi linatosha. Skeli ya 1 hadi 5, n = 20, wastani 4.60, SE 0.35. GRIM: 4.60 zidisha 20 ni 92, namba kamili, imepita. Sasa tafuta SD: 0.35 zidisha kipeuo cha 20 (4.472) ni 1.57. Jiulize, kwa wastani wa 4.60 majibu yanaweza kutawanyika kwa kiasi gani mwisho kabisa? Utawanyiko mkubwa kuliko wote ni pale kila mtu anapokuwa kwenye ncha, 1 au 5. Ili jumla iwe 92 unahitaji watu 18 waliojibu 5 na wawili waliojibu 1. Andika hizo namba 20 kwenye eksel, piga STDEV.S, unapata 1.23. Hiyo ndo dari. SE kubwa kabisa inayowezekana ni 1.23 kugawanya kwa 4.472, yaani 0.28. Wao wameandika 0.35. Hata ukishusha hadi 0.345 kwa ajili ya desimali bado haifiki. Haiwezekani.

Na ona ya kwamba kukokotoa upya peke yake kusingekamata hili. Kama wangeandika SD 1.57, SE 0.35 na CI inayolingana, kila kitu kingekubaliana vizuri, kwa sababu kompyuta ilikokotoa kutoka SD ambayo tayari ilikuwa mbovu. Kulingana ndani kwa ndani ni jambo moja, kuwezekana ni jambo jingine.

Programu ya SPRITE inafanya kazi hii kwa SD ambazo hazijafika darini. Inaanza na seti ya namba zenye wastani sahihi, alafu inachukua namba mbili, moja inaipandisha nyingine inaishusha ili wastani usibadilike, inaendelea hivyo mpaka SD ilingane na iliyoandikwa. Unaletewa seti kadhaa unaziangalia kwa macho. Ukiona kila seti inalazimika kuwa na nusu ya watu kwenye 5 na nusu kwenye 1, na swali lilikuwa la kuridhika na huduma, una swali la kumuuliza mwandishi. Ila hapa unahitaji hukumu, maana ajabu sio sawa na haiwezekani, na inataka ujue mipaka ya skeli kwa uhakika. Ukikosea ukadhani ni 1 hadi 5 kumbe ni 1 hadi 7 umemtuhumu mtu bure.

Kuna tafiti ambazo hata njia ya kwanza itazikataa bila kosa lolote, na hizi kwetu ni nyingi. Ripoti za DHS, za Kenya, Tanzania, Uganda na kwingine, sampuli inachukuliwa kwa maeneo, unachagua mitaa au vijiji kwanza ndo unaingia kaya. Watu wa eneo moja wanafanana, kwa hiyo SE inakuwa kubwa kuliko ile ya fomyula ya kawaida. Ukichukua asilimia 30 kwa watu 2,000 ukakokotoa kwa kawaida unapata SE ya 0.01025, na ripoti ikikuandikia 0.0154 usikimbilie kusema wamekosea. Nenda kiambatisho cha makosa ya sampuli, kuna safu ya DEFT, kwenye mfano huu ingekuwa 1.5, zidisha 0.01025 kwa hiyo utafika. Pia mipaka yao wanaiandika kama R-2SE na R+2SE, R ikiwa ni kadirio lenyewe, wanatumia 2 sio 1.96, kwa hiyo gawanya upana kwa 4. Kinachotakiwa kukushtua ni kinyume chake: utafiti wa vituo 12 vya afya au shule 20 ambao SE yake inalingana kabisa na SD kugawanya kwa kipeuo cha n. Huo umesahau kwamba watu walichaguliwa kwa makundi, na CI yake ni nyembamba mno.

Uwiano kama OR nao unakaguliwa kivyake. CI yake haikai sawa pande zote mbili, kwa hiyo usitafute katikati kwa kujumlisha, zidisha mpaka wa chini na wa juu kisha tafuta kipeuo cha pili. OR ya 1.80 yenye CI 1.20 hadi 2.70: zidisha ni 3.24, kipeuo ni 1.80, safi. Ingekuwa 1.20 hadi 2.40 ungepata 1.70, na hapo kuna namba moja imeandikwa vibaya. Wastani uliorekebishwa kwa umri au jinsia nao hautii fomyula ya SD na n, huo uache kwa mwandishi.

Sasa uchague vipi. Kama kilichopimwa ni kwa mizani au maabara, huna haja ya kupoteza muda na nyingine, kokotoa upya SE kutoka CI na kutoka SD, linganisha, dakika mbili umemaliza kila tebo. Kama ni dodoso na n iko chini ya 100, anza na GRIM maana inakagua n ambayo kila kitu kingine kinaitegemea, alafu kokotoa SE. Dodoso lenye n kubwa, ruka GRIM, nenda kwenye dari ya SD kwa mkono. SPRITE ya programu mimi ningeiacha kwa tafiti chache zenye uzito mkubwa kwenye metaanalisisi yako, zile ambazo ukiziondoa jibu linabadilika, kwa sababu inakula muda na majibu yake yanahitaji kufikiriwa.

Na ukikuta zimekataa baada ya kujaribu desimali, n nyingine, t na muundo wa sampuli, mwandikie mwandishi wa mawasiliano. Usimuulize kama data zake ni za kweli. Mtumie mstari wa tebo, hesabu yako, na swali moja linalojibika: "Je, namba baada ya ± kwenye Tebo ya 2 ni SD au SE, na n iliyotumika kwenye mstari huu ni ngapi?" Akijibu, andika kwenye metaanalisisi yako kwamba thamani imethibitishwa na mwandishi. Asipojibu, fanya hesabu mara mbili, ukiwa na huo utafiti kwa SD uliyoikokotoa na ukiwa umeutoa, na uweke matokeo yote mawili msomaji ayaone.